Timu yako iseme kosa ndani ya dakika 15: mwongozo kamili kwa supavaiza wa shifti

Naandika hii kwa sababu watu wanarudi na kilio kilekile. Supavaiza ameitisha kikao, amewaambia vijana wake "jamani mkikosea semeni, sitawafanya kitu", wote wameitikia sawa bosi, halafu wiki mbili baadaye mzigo unakataliwa na ndo anajua kwamba kosa lilifanyika Jumanne na watu wanne walikuwa wanalijua. Anarudi analalamika watu wa siku hizi waongo. Hapana, sio waongo. Kikao hakijagusa kile kinachowafanya wanyamaze.

Mfano nitakaoutumia ni wa viwanda vya minofu ya sangara hapa Mwanza maana ndo kazi ninayoijua, chumba cha baridi, shifti ya usiku, vibarua na wa mkataba wamechanganyika. Ila kama we unasimamia watu kwenye duka la dawa, gereji au boti ya mizigo, hatua ni hizihizi.

## Kwanza elewa kesi hii, hatua zote zinaitegemea

Kuna kiwanda kimoja nilikuwa supavaiza wa usiku. Saa saba na dakika kumi vijana wanamaliza kuingiza toroli la mwisho, kona ya boksi moja inabana mlangoni, mlango unaonekana umefungwa kumbe haujakaa. Kijana wa mlangoni anakuja kugundua saa tisa kasoro. Thamometa ya ukutani inasoma -9, wakati mzigo uliogandishwa unatakiwa ukae -18 au chini zaidi.

Alifanya nini? Alifunga mlango, akachukua daftari la joto, akaandika -18 kwenye mstari wa saa nane na -18 kwenye mstari wa saa tisa. Saa kumi na moja chumba kilikuwa kimerudi karibu na kawaida. Mimi nilikuwa hatua arobaini kutoka pale, nakunywa chai.

Asubuhi dada wa kwoliti akaona maboksi ya karibu na mlango yameota ukungu wa barafu na sakafuni kuna utando wa maji ulioganda. Akauliza, kila mtu hajui. Sasa sikiliza hapa maana ndo kiini cha yote. Kwenye chumba kilichojaa, hewa ndo inapanda joto kwanza, samaki wa ndani ya boksi anachelewa sana. Kwa saa moja na dakika arobaini, mzigo uliokuwa kwenye hatari ni ile safu ya mbele tu. Lakini kwa kuwa hakuna aliyesema mlango ulikuwa wazi muda gani, na daftari linasema -18 usiku kucha, hatukuweza kuliamini hata neno moja la daftari. Ikabidi tani nne nzima zizuiwe, maboksi yafunguliwe, minofu itobolewe ipimwe joto la katikati, moja hapa moja pale. Siku mbili zimekwenda. Mwisho wa siku kilichokutwa kimelainika ni maboksi thelathini ya mbele.

Yaani kosa lilikuwa na thamani ya maboksi thelathini, tena likisemwa palepale pengine lisingefika hata kumi. Kuficha ndo kukalifanya liwe la tani nne.

Na mimi nilifanya nini? Nilimfokea yule kijana mbele ya wenzake, jioni yake akaambiwa kesho usije. Miezi minane iliyofuata hakuna mtu aliyeniletea kosa hata moja, na mi nilijua nimeinyoosha shifti. Ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba ule ukimya niliujenga mwenyewe.

Jiweke nafasi yake ile saa tisa kasoro. Ukisema, unaumia leo, unaumia wewe, na una uhakika wa kuumia. Ukinyamaza, huenda kesho isigundulike, na ikigundulika huenda wasijue ni nani. Faida ya kusema inakwenda kwa kiwanda, hasara inabaki kwako na watoto wako Igoma. Mtu mwenye akili timamu ananyamaza. Hiki ndo watafiti wanachokiita usalama wa kisaikolojia ukikosekana: watu kwenye timu hawaamini kwamba wanaweza kusema kosa, kuuliza au kupinga bila kuadhibiwa au kudharauliwa. Sio suala la upole wala kupendana. Ni hesabu, na kazi yako ni kuibadilisha hesabu hiyo ili kusema kuwe nafuu kuliko kuficha.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Usianze bila hivi, nimeona watu wanaruka na wanakwama hatua ya kwanza tu.

- Idhini ya aliye juu yako kuhusu makato, kwa maandishi, hata meseji ya simu inatosha kuanzia
- Daftari moja la kurasa kubwa, jipya, tofauti na daftari la joto
- Saa ya ukutani inayoonekana na wote
- Dakika kumi za makabidhiano ya shifti ambazo hazitaliwa na kazi nyingine
- Kosa lako mwenyewe, la kweli, la ndani ya mwezi huu
- Subira ya wiki sita hivi

Sanduku la maoni silitaki kwenye orodha. Kwenye timu ya watu kumi na mbili mwandiko unajulikana, na karatasi haiwezi kukimbia kufunga mlango usiku.

## Hatua ya 1: Malizana na pesa kabla hujafungua mdomo

Hapa ndo wengi wanafeli. Unawaambia watu waseme makosa wakati kila mtu anakumbuka Fulani alikatwa elfu themanini kwa boksi lililodondoka. Maneno yako mazuri yanashindana na bahasha ya mshahara, na bahasha inashinda.

Nenda kwa meneja, mweke mezani hesabu ya kesi moja mliyonayo, kosa lilikuwa la shilingi ngapi lilipotokea na lilifika shilingi ngapi lilipogundulika. Muombe kitu kimoja kidogo tu: kosa litakaloripotiwa ndani ya dakika 15 na mhusika mwenyewe halina makato wala barua, kwa miezi mitatu ya majaribio. Usiombe msamaha wa kila kitu, hatakupa.

Akisema makato ni haki ya kampuni, mkumbushe kwa heshima kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, imeweka masharti. Ili mfanyakazi akatwe kwa hasara lazima hasara itokee kazini kwa kosa lake, apewe maandishi yanayoeleza chanzo, kiasi na hesabu ilivyopatikana, apewe nafasi ya kupinga, deni lisizidi hasara yenyewe, na makato kwa jumla yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Ule utaratibu wa "jumlisha hasara, gawanya kwa watu wa shifti" haupiti hapo. Ukiutumia, unawafundisha watu wote kumi na wawili kuficha kosa la mmoja, maana wote watalipa.

Angalizo kuhusu vibarua. Hili naliweka wazi kwa sababu linauma. Kibarua wa siku hahitaji kukatwa wala kuandikiwa barua, anaambiwa tu kesho usije na hakuna karatasi. Kama huna nguvu ya kumlinda na hilo, usimuahidi. Sema ukweli: "mi naweza kuzuia makato, kuhusu getini sina mamlaka, ila jina lako sitalipeleka juu." Halafu usilipeleke kweli. Ahadi moja ikivunjika kwa kibarua mmoja, habari inafika Kirumba kabla ya chakula cha mchana.

Utajua imekaa vizuri pale unapoweza kusema sharti lenu kwa sentensi moja, na meneja akiulizwa na mtu mwingine anaisema sentensi hiyohiyo.

## Hatua ya 2: Chora mstari, lipi linasamehewa na lipi halisamehewi

Usipochora, yatatokea mawili. Meneja ataogopa kwamba umefungua mlango wa uzembe, na wafanyakazi wataogopa kwamba mstari upo ila umejificha kichwani mwako.

Mimi nagawa mafungu matatu. La kwanza ni kuteleza: alikusudia kufanya sahihi, mkono au jicho likamponyoka, kama ule mlango. Hapo hakuna adhabu, tunatengeneza mlango. La pili ni njia ya mkato: anajua utaratibu ila ameuruka kwa kuwa kazi ni nyingi au kila mtu anauruka. Hapo tunakaa tunaongea, na mara nyingi tunagundua utaratibu wenyewe haufanyiki kwa muda waliopewa. La tatu ni makusudi: kulewa kazini, kuiba, kuchezea chakula cha watu akijua, na kuandika rekodi ya uongo baada ya tarehe tuliyokubaliana kuanza utaratibu huu. Hili lina adhabu na linabaki na adhabu.

Umeona nilivyoliweka. Kuacha mlango wazi kunasamehewa, kuandika -18 ya uongo hakusamehewi. Lazima zitengane hivyo, la sivyo watu hawataona tofauti kati ya kukosea na kuficha.

Ukikwama kwenye kesi ya katikati jiulize: ningemuweka pale mtu mwingine mwenye ujuzi uleule, usiku uleule, amechoka vilevile, angefanya nini? Kama jibu ni "angefanya hivyohivyo tu", tatizo halipo kwa mtu. Kumbadilisha mtu hakutabadilisha kitu.

Andika mafungu hayo matatu kwa Kiswahili cha kawaida, nusu ukurasa, ubandike karibu na saa. Usiandike kwa lugha ya barua za utumishi.

## Hatua ya 3: Anza na kosa lako, na liwe zito kiasi

Kwenye makabidhiano ya kwanza usitoe hotuba. Toa kosa lako. Sababu ni rahisi, kwetu mkubwa hakosolewi hadharani, kijana wa miaka 22 aliyekupa shikamoo asubuhi hawezi kuwa wa kwanza kuvua nguo mbele ya watu. Akikuona wewe umesema na hujafa, anapata kipimo.

Mimi nilisema hivi: "Jumatatu nilisaini daftari la joto la saa nne bila kwenda kuangalia thamometa, nilikuwa kwenye simu na nyumbani. Nilirudi saa tano nikakuta kila kitu sawa, ila ni bahati. Nimemwambia dada wa kwoliti aweke alama ya kuuliza kwenye mstari ule."

Tazama kilichomo: kitu gani, lini, kwa nini, nimefanya nini baada ya hapo. Hakuna kujitetea na hakuna kulia.

Wanapokosea watu hapa. Wanatoa kosa la miaka kumi iliyopita walipokuwa wadogo kazini, ambalo kila mtu anajua limeisha. Au wanatoa kosa la kujisifu, "kosa langu nafanya kazi sana". Watu wanakuangalia tu. Kama hujapata jasho kidogo kabla ya kulisema, tafuta lingine.

Utajua limepita ukiona kimya kizito, halafu baadaye, sio pale kikaoni, mtu mmoja anakufuata pembeni na kitu kidogo. Kidogo sana, kama glavu zimeisha na alitumia za jana. Usidharau, anakupima.

## Hatua ya 4: Acha kuuliza "kuna shida?"

Hili swali lina jibu moja tu Tanzania nzima: hakuna shida. Ukiuliza "vipi, salama?" unaulizia salamu, na salamu inajibiwa kwa wema hata kama nyumba inaungua.

Badilisha liwe swali linalochukulia kwamba kitu kimetokea. Mimi natumia mawili. La kwanza: "usiku huu ni kitu gani hakikwenda kama kilivyopangwa?" La pili: "wapi nusura tuharibu?" Hilo la nusura ni dhahabu, kwa sababu mlango ulioonekana baada ya dakika mbili haujaharibu mzigo, hakuna wa kuadhibiwa, lakini unakuonyesha palepale patakapoharibika kesho.

Mpangilio wa kuongea nao una maana. Aanze mdogo kabisa, kibarua au mgeni, amalizie mzoefu, supavaiza mwisho. Mzee wa shifti akianza na "mi naona kila kitu kipo poa", wadogo wote watamfuata, hakuna atakayempinga mzee mbele za watu. Ila mweleze yule mzee mapema, pembeni, kwa nini unamuweka nyuma, "mzee wangu nataka vijana wasijifiche nyuma ya maneno yako". Usipomwambia atajua umemshusha, na utakuwa umejitengenezea adui mwenye sauti kubwa kuliko yako.

Wiki mbili za kwanza watakujibu "hakuna" wote. Usigombe, usilazimishe kila mtu awe na kosa, maana wataanza kutunga. Sema nusura yako, andika, tawanyikeni.

## Hatua ya 5: Sekunde kumi za kwanza

Hatua zote nne zinaamuliwa hapa. Siku moja mtu atakuja kweli, kwa wakati mbaya, umechoka, lori linasubiri, na atakuambia kitu kitakachokupandisha presha. Uso wako kwa sekunde kumi hizo utasimuliwa shifti nzima, na sio hadithi ya maneno uliyosema tu, watasimulia ulivyokunja sura.

Kwa hiyo yakariri maneno kabla. Yangu ni matatu kwa mpangilio huu: "Asante kwa kuniambia. Sasa hivi hali ikoje? Tufanye nini kwanza?" Neno "nani" halimo na neno "kwa nini" halimo. "Kwa nini umeacha mlango wazi" sio swali, ni kofi, hata ukiliuliza kwa sauti ya chini. Sababu utazitafuta kesho.

Nikuonyeshe ilivyokuja kwetu, kiwanda kingine, wiki ya tano baada ya kuanza. Saa nane na robo usiku dada mmoja wa kufungasha akaja mbio, hata hakuniita kwa jina, "bosi, mlango wa chumba namba mbili nimeukuta haujakaa, mi ndo niliyetoka mwisho, sijui ni muda gani ila nilitoka saa nane na dakika tano."

Nilihisi moto shingoni, sitadanganya. Nikasema asante, hali ikoje. Akasema thamometa inasoma -15 na ameshaufunga. Basi tukafanya hivi. Nilikataza mtu yeyote kufungua mlango huo kwa saa moja, maana kila ukifungua kwenda kuangalia unaingiza joto upya. Tukaandika kwenye daftari la joto ukweli wote: muda aliotoka, muda aliogundua, -15, na majina mawili, langu na la fundi aliyeshuhudia, la kwake sikuliandika. Baada ya saa moja tukaingia, tukatoa maboksi mawili ya safu ya mbele kabisa karibu na mlango, tukatoboa mnofu wa juu na wa katikati tukapima. Yote -18 na chini yake. Tukaweka alama safu ile ili dada wa kwoliti aanze nayo asubuhi.

Kazi yote hiyo ilikula kama saa moja na nusu ya watu wawili. Hakuna boksi lililopotea na mzigo uliondoka siku yake. Mlango kama ule, usiku kama ule, tofauti ni kwamba tulijua ni dakika kumi.

Asubuhi kwenye makabidhiano niliisimulia bila jina, nikasema kilichookoa mzigo ni ule muda alioutaja. Yeye mwenyewe akasema "ni mimi". Sikumuomba.

Angalizo. Usimpe zawadi ya pesa aliyeripoti. Nimeona mahali walianzisha elfu tano kwa kila ripoti, ndani ya wiki tatu zikajaa ripoti za kutengeneza na wenzao wakawaita wachongeaji. Shukrani mbele ya watu na kitu kutengenezwa vinatosha.

Na kama umeshafoka? Itatokea. Rudi siku hiyohiyo, kwa watu walewale waliosikia, useme nilikufokea na haikuwa sawa, ulifanya nilichokuomba. Kuomba radhi ofisini kwa siri hakufuti kofi la hadharani.

## Hatua ya 6: Daftari la pili, na deni la siku mbili

Lile daftari jipya lina safu nne tu: tarehe na saa, kilichotokea, kiligundulika baada ya muda gani, tumebadilisha nini. Safu ya jina haipo, na usiiweke hata meneja akiomba.

Safu ya nne ndo roho yake. Mtu akisema kitu leo, ndani ya siku mbili lazima aone kitu kimefanyika, hata kidogo, au aambiwe waziwazi kwa nini hakitafanyika. Kwa ule mlango tulifanya vitu viwili vya bei rahisi, fundi alipaka mstari mwekundu kwenye fremu ambao unaonekana kama mlango haujakaa, na tukakubaliana anayetoka mwisho anausukuma kwa bega halafu anahesabu hadi tano akiangalia mstari. Kengele ya mlango tuliiomba, meneja akasema bajeti mpaka robo ijayo, nikaandika hivyohivyo kwenye safu ya nne ili wasome.

Ukiacha safu ya nne wazi wiki nzima watu hawatagoma wala kulalamika, wataacha tu kusema. Mtu hanyamazi kwa woga peke yake, ananyamaza pia kwa kuona kusema hakuna maana. Hawa wa pili ni wagumu kuwagundua kwa sababu hawaonekani kama wanaogopa, wanacheka na wewe vizuri kabisa.

## Hatua ya 7: Pima, na usishtuke namba zikipanda

Mwezi wa kwanza na wa pili makosa yaliyoandikwa yataongezeka. Meneja ataona namba na atasema umeharibu shifti. Mwandae mapema.

Mtafiti wa Harvard, Amy Edmondson, alikutana na jambo hili hospitalini, kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 1996 kuhusu makosa ya kuwapa wagonjwa dawa. Alitarajia wodi zenye timu nzuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikaja kinyume, wodi zenye viongozi wazuri zilikuwa na makosa mengi zaidi kwenye rekodi. Alipochimba ikaonekana tofauti kubwa ilikuwa kwenye utayari wa kusema, huku wanayaleta mezani, kule wanayazika. Mwaka 1999 ndipo akachapisha kazi iliyolipa jambo hili kipimo, kwa kuwauliza watu wa timu kama wanakubali au hawakubali sentensi chache, mojawapo inahusu kama ukikosea kwenye timu hii mara nyingi unawekewa kinyongo. Unaweza kuuliza hiyo moja kila mwezi, kwa kura ya maharage mawili kwenye kopo, jeupe na jekundu, bila mwandiko.

Kwa hiyo usihesabu makosa tu. Tazama safu ya tatu, muda kati ya kosa na kusemwa. Sisi tulianza na "asubuhi yake", "siku tatu", "aligundua mteja", na kufika mwezi wa tatu mistari mingi ilikuwa chini ya nusu saa. Hiyo ndo namba ya kumpelekea meneja, kwa sababu inageuka pesa moja kwa moja.

Na fungua lile daftari la joto la zamani, utajifunza kitu. Chumba cha baridi kinachofanya kazi hakisomi -18, -18, -18, -18 usiku kucha. Mlango unafunguliwa, mzigo mpya unaingia, feni zinayeyushwa barafu yake, joto linacheza juu na chini nyuzi mbili tatu. Mstari ulionyooka kabisa, kwa kalamu moja, mwandiko mmoja usiobadilika kutoka saa mbili hadi saa kumi na mbili, umeandikwa kwa mkupuo mmoja kabla ya kukabidhi. Ukiukuta, usiende kumtafuta aliyeandika. Rudi hatua ya kwanza uangalie ni nini kinamfanya aogope kuandika -15.

Siku daftari lenu litakapoanza kuwa na -16, -19, -14 "mlango, mzigo unaingia", -17, -20, mwandiko umechoka na kuna tone la chai pembeni, lipige picha umpelekee dada wa kwoliti. Ataelewa bila maelezo.